Plastiki, zege au chuma: maji ya mvua yanavyolitendea tangi

Watu wanaotaka kununua au kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua nyumbani kwa kawaida huanza na bei, na wengi huishia hapo hapo. Mimi napendelea kuanza na maji yenyewe, kwa sababu maji ya mvua si sawa na maji ya kisima wala ya mto, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tangi moja hutoboka mapema, jingine huyafanya maji yawe na ladha ya chokaa, na la tatu hubaki zima huku bomba lililounganishwa nalo likiliwa taratibu.

Tone la mvua huanza likiwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi wala madini. Likishuka hufyonza hewa ya kaboni dioksaidi, nayo ikichanganyika na maji hufanya asidi hafifu. Ndiyo maana hata mvua iliyonyesha mahali pasipo moshi wala viwanda huwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ya takriban 5.6, chini kidogo ya 7 ambayo ni ya maji yasiyoegemea upande wowote. Maji ya kisima yamepita katika mawe na udongo kwa muda mrefu, yameshachukua kalisi na magnesi, na hayana tena haraka ya kuyeyusha kitu. Maji ya mvua, kwa upande wake, hufika tangini yakiwa na njaa. Yatachukua madini popote yatakapoyapata, na swali la msingi la kumuuliza mwenye tangi ni hili: umeyawekea nini cha kula?

Katika tangi la zege yatakula chokaa iliyomo ndani ya saruji. Katika tangi la mabati yatakula zinki, na zinki ikiisha yatahamia kwenye chuma. Katika tangi la plastiki hayatapata kitu, kwa hiyo yatatoka na njaa yao ile ile hadi kwenye mabomba na koki za nyumba. Mambo mengi kuhusu umri wa tangi, gharama yake na ubora wa maji yake hutokana na jambo hilo moja, na mengine hutokana na jua, msingi na mkono wa fundi.

Zege: chokaa, nyufa na wiki mbili za kumwagilia

Ninaposema tangi la zege nina maana ya aina mbili hasa. Ya kwanza ni tangi la zege nzito lenye nondo na kuta za sentimita 10 au zaidi, ambalo mara nyingi huchimbiwa ardhini. Ya pili ni tangi la ukuta mwembamba, wa sentimita 3 hadi 5 tu, linalojengwa kwa kupaka mchanganyiko wa saruji na mchanga juu ya wavu wa chuma na waya uliozungushwa. Wazo la kuweka chuma ndani ya saruji ili kushika maji si geni. Mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hataza mwaka 1867 kwa ajili ya vyombo vya kupandia vilivyotengenezwa kwa saruji na chuma. Kwa nyumba ya kawaida, aina hii ya pili ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa hutumia vifaa vichache na haihitaji mbao nyingi za kumwagia zege.

Tangi kama hilo likijengwa vizuri hudumu miaka 30, na mengine huvuka 40. Likijengwa vibaya huanza kuvuja kabla ya msimu wa kwanza kwisha. Sijui chombo kingine cha nyumbani ambacho umri wake unategemea mkono wa fundi kwa kiasi hicho, kwa sababu tangi la plastiki na la mabati hutoka kiwandani likiwa limeshakamilika, na la zege hukamilikia uani kwako.

Kinachoamua ni mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha maji katika mchanganyiko. Kwa ukuta mwembamba, mchanganyiko unaofaa ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu za mchanga safi, na uzito wa maji usizidi nusu ya uzito wa saruji, yaani mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 25. Mafundi wengi huongeza maji ili mchanganyiko ulainike na upakike kwa urahisi. Maji ya ziada hayatumiki katika kuifanya saruji ishike. Hukauka, na pale yalipokuwa hubaki vijitundu vidogo ambavyo baadaye ndivyo njia za kuvujia. Kipimo rahisi cha macho ni kushika tonge la mchanganyiko mkononi na kulibana: likishikana bila kuchuruzika maji kati ya vidole, liko sawa.

La pili ni kumwagilia. Saruji haishiki kwa kukauka. Hushika kwa kuungana na maji, na muungano huo huendelea kwa siku nyingi, ndiyo maana nguvu yake hupimwa ikiwa na umri wa siku 28. Ukuta mwembamba uliopigwa na jua na upepo hupoteza maji yake siku ya kwanza, husinyaa na kupasuka. Tangi linapaswa kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa nailoni na kumwagiliwa kila siku kwa wiki mbili, na sakafu yake iwekewe maji kidogo mara tu inapoweza kuyabeba. Hii ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa fundi amekwisha lipwa na kuondoka, na mwenye nyumba anaona tangi limeisha. Kama ningelazimika kuchagua kati ya fundi hodari asiyeacha mtu wa kumwagilia na fundi wa wastani mwenye nyumba inayomwagilia kwa bidii, ningemchukua wa pili.

Baada ya hapo maji huanza kazi yake. Saruji mpya ina chokaa huru kwa wingi, na maji yaliyomo katika vijitundu vyake yana pH inayozidi 12. Maji ya mvua ya kwanza yakiingia huinyonya chokaa hiyo, na pH yake inaweza kupanda hadi 9, 10 au hata zaidi. Utayatambua kwa ladha ya chokaa, kwa utelezi mkononi kama wa sabuni, na kwa utando mweupe unaobaki kwenye sufuria. Maji hayo hayafai kunywewa. Dawa yake ni kulisugua tangi kwa brashi, kulijaza, kuliacha siku kadhaa na kuyamwaga, na kurudia mara moja au mbili. Kadiri miezi inavyopita, chokaa iliyo juu ya ukuta hukutana na kaboni dioksaidi na kugeuka kuwa kalisi kaboneti, ambayo huyeyuka kwa shida. Maji hutulia kwenye pH ya kati ya 7 na 8 na nusu hivi, njaa yao ikiwa imeshibishwa kwa kiasi cha kutosha. Hapo ndipo zege huanza kulipa. Maji yasiyo na asidi hayali mabomba, na baadhi ya metali zilizotoka kwenye paa, zinki na risasi miongoni mwazo, huganda kwenye maji ya aina hiyo na kushuka chini pamoja na mashapo badala ya kubaki zimeyeyuka.

Kuna jambo jingine la zege ambalo hunifurahisha kila ninapoliona. Ufa mwembamba sana, wa chini ya milimita 0.2 hivi, unaweza kujiziba wenyewe. Maji yakipenya polepole hubeba chokaa, na yakifika nje hukutana na hewa na kuiacha hapo. Kwa nje utaona mstari mweupe ukutani, mwanzoni ukiwa na unyevu, kisha ukavu. Mstari mweupe mkavu ni ufa uliokwisha fungwa na hauhitaji kuguswa. Mstari ulio na unyevu kila siku, unaorefuka, au ulio na rangi ya kahawia ni habari nyingine kabisa. Kahawia maana yake ni kwamba maji yamefika kwenye waya au nondo na chuma kimeanza kuota kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoitoa, kwa hiyo husukuma plasta kutoka ndani. Gonga mahali hapo kwa kifundo cha kidole au kwa kijiwe: plasta nzima hutoa sauti kavu na fupi, na iliyoachana na wavu hulia kama kitu chenye uvungu. Hapo unapaswa kubomoa sehemu iliyoachana, kusafisha waya, na kupaka upya, na matengenezo hayo yanawezekana kwa saruji kidogo na fundi mmoja. Kutengenezeka huko ni faida ambayo matangi ya viwandani hayana.

Udhaifu mkubwa wa zege ni ardhi. Tangi la lita 10,000 likijaa lina maji ya tani 10, pamoja na uzito wake mwenyewe. Ardhi ikititia upande mmoja, zege haiwezi kupinda, itapasuka, na ufa wa namna hiyo haujizibi. Penye udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mimi siwezi kumshauri mtu ajenge tangi la zege bila msingi uliofikiriwa vizuri. Mti wenye mizizi mikubwa karibu na tangi lililochimbiwa ardhini ni hatari ya aina hiyo hiyo.

Chuma: zinki ni ngao inayoisha

Tangi la mabati lililopakwa zinki lina kuta nyembamba kuliko yote, na uhai wake ni uhai wa ile zinki. Zinki huliwa kabla ya chuma, na hiyo ndiyo kazi yake. Katika maji magumu ya kisima hujifunika kwa utando wa madini unaoilinda. Katika maji laini yenye asidi utando huo haujengeki vizuri, kwa hiyo zinki huendelea kupungua. Tangi la namna hiyo lisilo na bitana ndani hudumu kati ya miaka 10 na 20, na kwenye hewa ya chumvi ya bahari hukaa chini ya hapo.

Kuhusu ubora wa maji, zinki inayoyeyuka si sumu kwa kiasi kinachoonekana katika maji mengi. Shirika la Afya Duniani halijaiwekea kikomo cha kiafya katika maji ya kunywa, ila linaeleza kwamba ikizidi miligramu 3 kwa lita watu huanza kuyakataa maji kwa ladha yake na kwa muonekano wake. Ladha hiyo ni ya ukakasi, kama ya kuramba chuma, na maji yakichemshwa huweza kuonyesha utando juu. Jambo hili hutokea zaidi tangi likiwa jipya.

Tangi la mabati kwa kawaida halitoboki katikati ya ukuta. Hutobokea chini, kwa ndani na kwa nje. Kwa ndani, mashapo yaliyolala sakafuni huzuia hewa kufika sawasawa, na chini ya mashapo hayo kutu hufanya kazi kwa siri. Kwa nje, tangi lililokalishwa juu ya udongo mtupu au zege inayoshika unyevu huoza kitako. Mahali pengine ni penye kiungio cha koki. Koki ya shaba ikifungwa moja kwa moja kwenye mabati yenye zinki, metali mbili tofauti zikiwa ndani ya maji mamoja, zinki iliyo jirani huliwa haraka, na baada ya miaka michache utaona duara la kutu kuizunguka koki huku ukuta mwingine ukiwa unang'aa. Kiungio cha plastiki kikiwekwa kati yake huondoa tatizo. Vivyo hivyo, bomba la shaba halipaswi kuleta maji kwenye tangi la mabati, kwa sababu chembe za shaba zilizoyeyuka hujibandika juu ya zinki na kuchimba vishimo vidogo vidogo.

Ukitaka kujua hali ya tangi la mabati, usiangalie rangi ya nje. Fungua koki asubuhi kabla ya mtu yeyote kuyachota maji, na ukinge kikombe cha kwanza kwenye chombo cheupe. Rangi ya chai inasema kwamba zinki imeisha mahali fulani. Unga mweupe kwenye mabati bado ni dalili ya zinki. Unga wa kahawia ni chuma chenyewe.

Yapo matangi ya chuma yenye bitana ya plastiki ndani, ambamo maji hayakigusi chuma kabisa. Haya hudumu miaka 20 hadi 30, na mara nyingi bitana ndiyo inayochoka kwanza, si chuma. Nafasi yake halisi ni kwenye ujazo mkubwa, kuanzia makumi ya maelfu ya lita, kwa kuwa husafirishwa yakiwa vipande na kufungwa kwa bolti mahali pake. Chuma kisichoshika kutu nacho kipo, na ni kizuri sana, lakini kwa ujazo wa kumtosha mtu msimu mzima bei yake huwatoa wengi kwenye mazungumzo.

Plastiki: haibadilishi kitu, na hilo lina pande mbili

Tangi la plastiki hutengenezwa kwa polithilini iliyoyeyushwa ndani ya umbo linalozungushwa, hivyo halina kiungo cha kuvuja. Maji hayaliyeyushi wala halishiki kutu. Adui yake ni jua. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya plastiki, na ndiyo sababu watengenezaji huchanganya masizi ya kaboni yanayoifanya iwe nyeusi na kuilinda. Tangi zuri hukaa miaka 15 hadi 20 juani, na zaidi likiwa kivulini. Lile la bei ya chini lililotengenezwa kwa plastiki iliyorudiwa linaweza kupasuka kabla ya miaka 10.

Dalili za uzee wake husomeka kwa vidole. Pitisha kitambaa cheusi kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana; kikitoka na unga, ngozi ya juu imeanza kufa. Kisha angalia mahali panapobeba mzigo zaidi, yaani kuzunguka tundu la koki na kwenye kona ya chini, kama kuna nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa hizo zikiwapo, mwisho umekaribia, kwa kuwa polithilini haikubali gundi wala rangi kushika, na njia pekee ya kuiziba ni kuichomelea kwa moto na kijiti cha plastiki ya aina ile ile. Hata hivyo, plastiki iliyochoka hupasuka tena pembeni mwa mchomeleo.

Matangi mengi ya plastiki niliyoyaona yameharibika hayakuuawa na jua bali na msingi. Kitako chake chembamba kinahitaji kulala chote juu ya kitu bapa. Jiwe moja lililochomoza, au jukwaa la mbao lililo na nafasi kati ya ubao na ubao, hukifanya kitako kibonyee, na baada ya kujazwa na kumwagwa mara nyingi hupasuka pale pale. Bomba zito la chuma likining'inia kwenye koki bila kushikizwa hufanya vivyo hivyo. Na tangi tupu ni jepesi kiasi kwamba upepo unaweza kulibeba, kwa hiyo lisiachwe tupu bila kufungwa.

Kwa ubora wa maji, plastiki iliyoidhinishwa kwa chakula huyatunza maji kama yalivyoingia. Tangi jipya huweza kuyapa harufu ya plastiki, na kusuuza mara mbili tatu huimaliza. Tatizo ni mwanga na joto. Ukuta unaopitisha mwanga huotesha mwani, maji yakawa ya kijani na yenye utelezi. Kulipima tangi kabla ya kununua, omba kuning'iniza tochi ndani usiku au mahali penye giza, funga kifuniko, na uangalie kwa nje: ukiona mwanga kupitia ukutani, mwani utauona pia. Tangi jeusi halipitishi mwanga lakini hupasha maji, na maji yenye vuguvugu huwafaa bakteria kuliko maji ya ubaridi yaliyomo ndani ya zege iliyochimbiwa ardhini. Kulijengea kivuli ni nafuu na humaliza matatizo mawili kwa pamoja, la joto na la miale.

Upande wa pili wa kutokubadilisha kitu ni ile njaa niliyoitaja mwanzoni. Maji yanayotoka kwenye plastiki bado yana asidi, na yakilala usiku ndani ya mabomba ya shaba huchukua shaba. Madoa ya buluu inayoelekea kijani kwenye sinki, chini ya koki inayodondoka, ni alama yake. Wenye tangi la plastiki wenye mabomba ya plastiki hawana haja ya kuhangaika na hili. Wenye mabomba ya shaba wanaweza kuweka ndani ya tangi mfuko wa wavu wenye vipande vya mawe ya chokaa vilivyooshwa, ambavyo huyashibisha maji polepole kama ukuta wa zege unavyofanya, na wapime kwa karatasi za pH hadi maji yafike 7 au juu yake kidogo.

Lakini niseme wazi kwamba uchafu ulio hatari zaidi, yaani vijidudu vya kinyesi cha ndege na wanyama wa paani, hautoki kwenye tangi la aina yoyote. Huingia pamoja na maji. Tangi lolote kati ya haya matatu likikosa wavu wa kuzuia mbu, kifuniko kinachobana na chombo cha kutupa maji ya kwanza ya mvua, maji yake yatakuwa mabaya sawasawa. Kwa paa la kawaida, kutupa lita nusu hadi lita moja kwa kila mita ya mraba ni kipimo kinachotumika sana. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama tangi ni la bei gani.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba yenye watu 5 wanaotaka lita 20 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi wa msingi, katika kiangazi cha siku 90. Hiyo ni lita 100 kwa siku, lita 9,000 kwa kiangazi chote. Koki hufungwa sentimita 10 juu ya sakafu ili mashapo yasitoke, na katika tangi lenye upana wa mita 2.4 hizo sentimita 10 ni lita 450 zisizotumika. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 linatosha kwa nafasi ndogo ya ziada. Paa la mita za mraba 80, tukikadiria kwamba asilimia 80 ya mvua inafika tangini, hutoa lita 64 kwa kila milimita ya mvua, na tangi litajaa kwa milimita 156 hivi.

Tangi la zege la ukuta mwembamba la ujazo huo, lenye kimo cha mita 2.3, lina ukuta wa mita za mraba 17 na ushei. Kwa unene wa sentimita 4, pamoja na sakafu na kifuniko, hutumia mifuko 12 hadi 15 ya saruji ya kilo 50, bila kuhesabu wavu, waya na mchanga. Hapa ndipo mtu anapoweza kukadiria gharama kwa bei za kwake mwenyewe. Na akitaka kuongeza ujazo, ajue kwamba kutoka lita 10,000 hadi 20,000 eneo la kuta huongezeka kwa takriban asilimia 60 tu, si mara mbili. Kwa mwenye plastiki, ujazo mara mbili kwa kawaida ni tangi la pili na bei ya pili. Ndiyo maana plastiki hushinda kwenye ujazo mdogo, zege hushinda kadiri ujazo unavyokua, na chuma chenye bitana huingia pale ambapo ujazo ni mkubwa mno kwa fundi mmoja.

Ili kulinganisha, nitaita bei ya tangi la plastiki la lita 10,000 sehemu 100, na msingi wake sehemu 20. Tuseme zege pamoja na msingi wake inagharimu sehemu 150, na mabati yasiyo na bitana sehemu 110, na msingi wake sehemu 20 juu yake. Namba hizi ni za mfano, na kila mtu aweke zake. Kwa miaka 30, plastiki inayodumu miaka 15 itanunuliwa mara mbili juu ya msingi ule ule, jumla 220. Mabati yanayodumu miaka 15 yatafika 240. Zege, tukiipa sehemu 25 za kuzibaziba, itakuwa 175. Pengo si kubwa kama watetezi wa zege wanavyodai, na linageuka kabisa ikiwa fundi amefanya kazi mbovu, kwa sababu tangi la zege lililopasuka mwaka wa tatu halirudishwi dukani.

Kuna pia suala la fedha za leo na za kesho. Nyumba iliyo na sehemu 70 mkononi haina faida na hesabu inayoonyesha kwamba 150 ni nafuu baada ya miaka 30. Kwa nyumba hiyo ningesema wajenge sasa msingi bapa unaotosha matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000, waweke moja, na waache kiungio chenye koki upande wa pili. La pili likija, wataweza kumaliza maji ya moja, kuliosha kwa mfagio mrefu kupitia kwenye tundu la juu bila mtu kuingia ndani, na kuendelea kutumia jingine. Mwenye tangi moja kubwa la zege, kwa upande wake, hulazimika kungoja kiangazi kimalize maji ndipo asafishe, na anayeingia ndani asiingie peke yake wala kabla ya kifuniko kuachwa wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa hewa ya tangi lililofungwa, hasa la chuma kinachoota kutu, inaweza kuwa na oksijeni pungufu bila harufu yoyote ya kumtahadharisha.